Maji Ndani ya Ekleri: Jinsi ya Kukamua Vidole Vilivyolingana na Kuvitunza Vikavu Mpaka Mezani

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya waokaji, walimu wa upishi na wananchi

  Nashukuru kwamba waandaaji hawakuniomba nije na sinia la vitamu peke yake, bali walitaka maelezo. Sinia lipo, mtaliona baadaye.

Nimekuja na kusudi moja. Ekleri ni kile kidole cha donge la shu, chenye krimu ndani na chokoleti juu, ambacho tunakiona katika vioo vya maduka ya keki ya Paris na siku hizi katika hoteli zetu za pwani. Mafundi wengi wa kwetu wanaijua kanuni yake ya vipimo. Malalamiko ninayoyasikia ni mawili: kwamba vidole havilingani, na kwamba ganda linakuwa laini kama mkate wa juzi kabla mgeni hajakaa. Watu huyachukulia haya kuwa mambo mawili tofauti, la kwanza la urembo na la pili la hali ya hewa. Nataka kuwaonyesha kwamba chanzo chake ni kimoja, nacho ni maji. Nitakwenda kwa hoja nne, na hoja ya pili ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Hoja ya kwanza: donge la shu ni maji yaliyofungwa kwa muda

Mapishi haya ya donge lililopikwa kabla ya kuokwa yaliwekwa sawa katika majiko ya Ufaransa, na katika karne ya 19 vidole hivi vilienea Paris. Wengi humtaja Antonin Carême, aliyefariki mwaka 1833, kuwa ndiye aliyevipa umbo. Vipimo havijabadilika sana tangu hapo. Ninachotumia mimi ni maji gramu 125, maziwa gramu 125, siagi gramu 110, unga wa ngano gramu 140, chumvi kidogo, kijiko cha sukari, na mayai yaliyopigwa takriban gramu 225, yaani mayai manne au matano kwa ukubwa wa mayai yetu. Mayai yapimwe kwa mizani. Yai la kienyeji na la kisasa yanaweza kupishana sana kwa uzito.

Maji, maziwa na siagi vinachemshwa pamoja, unga unamiminwa wote kwa mkupuo mmoja, kisha mwiko unakoroga juu ya moto kwa dakika mbili au tatu mpaka donge lishikane na utando mwembamba ubaki chini ya sufuria. Hapo wanga umekwisha kunyonya maji na kuvimba, na kwa sababu hiyo donge hili linabeba maji mengi kuliko donge lolote la mandazi bila kumwagika. Liache lipoe mpaka mkono uweze kuligusa kwa raha, kwa sababu likiwa la moto sana litayapika mayai. Kisha tia mayai kidogo kidogo.

Hapa kuna jambo ambalo kitabu hakiwezi kukufanyia, nalo ni kujua yai litoshe lini. Inua mwiko na uutazame. Donge likidondoka kwa mapande, bado. Likitiririka kama uji, umepitiliza. Likining'inia kwenye mwiko kwa umbo la pembe tatu, likakawia kidogo kabla ya kudondoka, acha, hata kama yai limebaki kwenye bakuli. Pitisha kidole katikati ya donge. Mfereji ujifunge polepole, usisimame wima wala usizibe mara moja. Yai likipungua, ganda litapasuka ovyo na kubaki dogo. Yai likizidi, kidole kitatanuka kwenye trei na kutoka bapa.

Sasa tufanye hesabu ndogo, maana tutaihitaji. Jumlisha maji yote yaliyomo: ya bomba, ya kwenye maziwa, ya kwenye siagi na mayai, halafu toa yale yaliyopaa sufuriani. Utakuta karibu asilimia 58 ya donge ni maji. Kidole cha gramu 25 kina takriban gramu 10 na nusu za vitu vikavu na siagi, na gramu 14 na nusu za maji. Maji hayo yana kazi mbili ndani ya oveni. Kwanza yanageuka mvuke na kuliinua ganda, kisha yanapaswa kutoka. Kazi ya kwanza hufanyika karibu kila mara. Ya pili ndiyo tunayoikatiza.

Hoja ya pili: kulingana kwa vidole ni suala la kukauka

Mtu akisema vidole vyake havilingani, kwa kawaida anazungumzia urefu, kwa sababu urefu ndio unaoonekana. Lakini angalieni. Chukua kidole cha sentimita 12 kilichokamuliwa kwa unene wa milimita 16. Ukikosea urefu kwa sentimita moja, umeongeza donge kwa asilimia 8 hivi. Ukikosea unene kwa milimita mbili tu, kikawa 18, umeongeza zaidi ya robo. Kidole cha gramu 25 kimekuwa karibu gramu 32. Trei ni moja, moto ni mmoja, dakika ni zile zile. Kile chembamba kinatoka kikavu, na kinene kinatoka na rangi nzuri nje huku ndani kukiwa na nyuzi mbichi zilizolowa. Ukiondoa trei kwa kumfuata mwembamba, mnene atanywea. Ukimsubiri mnene, mwembamba ataungua. Kwa hiyo fundi anayekamua bila kulinganisha amekwisha kupoteza nusu ya trei kabla oveni haijafungwa.

Ndiyo maana nasema mkazo wa mkono uje kwanza, na rula ije baadaye. Nitaeleza ninavyofanya, na walio karibu nami mbele wataona mkono ninapouonyesha.

Tumia nozo ya nyota yenye meno mengi madogo, yenye mdomo wa milimita 16 hivi. Nozo laini ya duara inakubalika, lakini ganda lake hupasuka pale linapotaka. Mistari inayoachwa na meno inaupa mvuke njia nyingi ndogo za kutanukia, na kidole kinavimba sawasawa toka kichwa hadi mkia. Kama huna nozo ya meno, pitisha uma uliolowanishwa juu ya kidole, kwa urefu, bila kukandamiza. Ukinyunyiza sukari ya unga kwa chujio juu yake, safu nyembamba sana, uso utashikana vizuri zaidi.

Jaza mfuko mpaka nusu tu. Mfuko uliojaa unauchosha mkono, na mkono uliochoka unabana kwa vishindo. Sukuma donge lote chini kwa upande wa kiganja ili kutoa hewa, maana kipovu kimoja kikipita kwenye nozo kinakata kidole katikati. Sokota mdomo wa mfuko, uushike kati ya gumba na kidole cha shahada, na uusokote tena kila donge linapopungua ili mbano ubaki ule ule.

Kwenye karatasi ya kuokea chora mistari sambamba kwa penseli, iachane sentimita 12, kisha igeuze karatasi ili penseli iwe chini. Shika nozo kwa mwinamo wa nusu ya pembe mraba, juu kidogo ya karatasi, isiguse. Mkono wa kulia unabana, wa kushoto unaelekeza tu. Acha donge litue lenyewe huku ukirudi nyuma kwa mwendo usiobadilika. Ukienda haraka kuliko mbano, kidole kinavutika na kuwa chembamba. Ukienda polepole, kinajaa na kufanya mawimbi. Tazama upana wa donge linapotoka, liwe sawa na mdomo wa nozo. Ukikaribia mstari wa pili acha kubana kabla hujafika, kisha kata kwa kurudisha nozo nyuma kidogo juu ya kidole. Mkia unaochomoza utulizwe kwa ncha ya kidole kilicholowa maji, la sivyo utaungua. Kati ya kidole na kidole acha nafasi ya sentimita nne.

Walimu, naomba hili mlichukue darasani: wekeni mizani chini ya karatasi. Kamua vidole vitano, soma uzito, gawanya kwa tano. Mwanafunzi akiona kwamba vyake vya kwanza vina gramu 25 na vya mwisho 30, ataelewa kwamba mkono wake umepunguza mwendo. Jicho linakuja kuelewa baadaye sana.

Kuna njia nyingine ambayo majiko makubwa hutumia, na naipendekeza kwa wenye friza. Unakamua mistari mirefu kutoka upande mmoja wa trei hadi mwingine bila kusimama, maana mkono hukosea zaidi pale unapoanza na pale unapoacha. Unagandisha mpaka iwe migumu. Kisha unakata kwa kisu chenye makali, kwa rula, kila kipande sentimita 12, na unaoka vikiwa bado vimeganda, ukiongeza dakika chache. Ncha zake zinatoka bapa kidogo badala ya kuwa za mviringo. Wapo wasiopenda sura hiyo. Mimi naikubali, kwa sababu trei nzima inakauka kwa wakati mmoja.

Hoja ya tatu: rangi inadanganya, uzito haudanganyi

Oveni iwe imeshika nyuzi 180. Kwa dakika 25 za kwanza mlango usifunguliwe kabisa. Katika muda huo mvuke unainua ganda, lakini kuta zake, yaani mayai na wanga, bado hazijashikamana. Ukifungua, mvuke unapoa, na kuta laini haziwezi kujibeba. Ganda lililoanguka hapo haliinuki tena.

Baada ya hapo punguza mpaka nyuzi 160 na uoke dakika 15 nyingine hivi. Ndipo toa trei haraka, geuza kila kidole, toboa matundu matatu madogo chini yake kwa ncha ya nozo nyembamba, na uvirudishe dakika 8 au 10, mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo kwa mwiko. Matundu hayo yanatoa mvuke sasa, na baadaye ndiyo yatakayopitisha krimu.

Wenye oveni za gesi zenye moto chini, ambazo ndizo nyingi majumbani mwetu, weka trei tupu kwenye ngazi ya chini kabisa ili izuie moto wa moja kwa moja. Trei ya vidole izungushwe mara moja tu, baada ya zile dakika 25.

Utajuaje kwamba imeiva? Usitazame mgongo, tazama mabonde kati ya mistari ya nozo. Mgongo hupata rangi mapema. Mabonde yakiwa bado meupe au ya manjano, humo mna maji. Kisha pima. Kidole kilichoingia na gramu 25 kitoke na gramu 12 au 13. Kikiwa na 16, rudi kwenye ile hesabu yetu: vitu vikavu ni 10 na nusu, kwa hiyo umebeba zaidi ya gramu 5 za maji ndani ya ganda. Maji hayo hayakai yalipo. Hutoka kwenye nyuzi za ndani na kuhamia kwenye gamba la nje. Ndiyo sababu ganda hutoka oveni likilia kwa kugongwa, na baada ya dakika kumi juu ya waya likabonyea kwa kidole. Hapo watu husema hewa ya Mombasa imeliharibu. Hewa haikuwa na muda huo. Ganda limejilowesha lenyewe kutoka ndani.

Hewa yetu ina makosa yake, sikatai. Pwani unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 70, na ganda kavu lililoachwa wazi mezani usiku kucha litanyonya. Kwa hiyo likishapoa kabisa, na nasisitiza kabisa, liwekwe kwenye kopo linalofunga vizuri, au kwenye friza. Likifungiwa likiwa na vuguvugu, mvuke wake unaligeukia.

Hoja ya nne: krimu na ganda vikutane kwa kuchelewa

Tumefikia mgongano ambao hauna suluhisho kamili, ni vyema tukubaliane hivyo. Krimu ya kastadi ni ya maziwa na mayai, na inataka baridi ya friji. Ganda linataka ukavu, na friji ina unyevu. Ukiviweka pamoja, maji yatatoka kwenye krimu kwenda kwenye ganda mpaka vikaribiane. Wanga na protini zilizokauka huvunjika kwa sauti. Zikipata maji kidogo tu zinaanza kupinda. Kwa krimu ya kawaida mabadiliko hayo unayahisi mdomoni baada ya saa mbili au tatu, na kesho yake umeshapoteza kila kitu.

Unaweza kuchelewesha. Krimu iwe nzito: kwa maziwa nusu lita, viini 4 au 5, sukari gramu 100, wanga wa mahindi gramu 45, na siagi gramu 30 mwishoni. Baada ya kuanza kutokota, iache itokote dakika moja kamili au zaidi huku ukikoroga. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachomeng'enya wanga. Usipokiua kwa moto, krimu nzito ya jioni itaamkia kuwa mchuzi, na mchuzi huo utaingia kwenye ganda mara moja. Wanaopasua ekleri kwa kisu hupaka ndani utando wa siagi ya kakao au chokoleti iliyoyeyushwa. Unasaidia, ila kwa ganda linalojazwa kupitia matundu haufiki kote.

Dawa yenyewe ni ratiba. Tuchukue mfano: ekleri 48, hafla ya saa kumi alasiri.

Vipimo vya donge nilivyotaja vinatoa kama gramu 700, yaani vidole 28. Fanya mara mbili, upate 56. Vile vinane vya ziada ni vya kupasua kwa majaribio na kutupa vilivyopinda. Krimu ya lita moja ya maziwa inatosha gramu 30 kwa kila kidole. Kwa juu, chokoleti nyeusi gramu 280 na krimu ya maziwa gramu 200. Wazungu wa mapishi hutumia nusu kwa nusu, lakini kwa joto letu chokoleti izidi, la sivyo haishiki.

Siku ya kwanza jioni oka maganda, yapoe, yafungie. Pika krimu, ifunike kwa plastiki iguse uso wake, iingie friji. Siku ya pili saa saba mchana, rudisha maganda oveni kwa nyuzi 160, dakika 6 hadi 8. Yatoe, yapoe nusu saa nzima, kwa sababu ganda la moto linaifanya krimu itoe maji. Saa nane chovya migongo kwenye chokoleti yenye vuguvugu la mkono, inua, acha idondoke, futa ukingo kwa kidole. Mafundi wengi hujaza kwanza ndipo wakachovya. Mimi nageuza mpangilio huu makusudi: chokoleti inapata muda wa kutulia juu ya ganda tupu, na krimu inabaki kwenye friji muda wote huo.

Saa tisa na robo anza kujaza kupitia yale matundu matatu, trei moja moja. Ingiza nozo, bana mpaka krimu ianze kuonekana kwenye tundu la pili, hamia la tatu. Kidole kikibadilika uzito mkononi na krimu ikichungulia, inatosha. Futa chini kwa kisu. Iliyojazwa kwanza iende mezani kwanza. Ekleri zilizojazwa zisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ambayo joto limepita nyuzi 32, saa moja iwe mwisho. Kwa hiyo kama hotuba za hafla zinachelewa, nawe chelewa kujaza. Mwenye hafla aambiwe hivyo tangu mwanzo.

Bwana Mwenyekiti, nabakiza ombi moja la kazi. Nimewaomba waandaaji wagawe kwa kila jiko lililowakilishwa hapa karatasi yenye safu nne: uzito wa kidole kabla ya kuokwa, uzito baada ya kuokwa, uzito baada ya usiku mmoja kwenye kopo, na msimu, yaani kaskazi au kusi. Tukijaza karatasi hizo mpaka kaskazi ijayo, tutakuwa na jedwali la maganda yaliyookwa katika hewa yetu, kwa unga wetu na oveni zetu, na wanafunzi watakaoanza mwakani watafundishwa kwa jedwali hilo. Wiki ijayo nitakuwa jikoni na yeyote anayetaka kukamua mbele ya mizani. Aje na mfuko wake na nozo yake.

Sinia sasa linaingia. Limejazwa wakati nilipokuwa kwenye hoja ya tatu. Tafadhali msilisubirishe.